Asante kwa Jezi, Ila Kifua Hatuuzi

Barua ifuatayo niliiandika kwa niaba ya kamati yetu ya wanachuo wanaotoka Kisaki, Morogoro Vijijini. Kila likizo ndefu tunaandaa mashindano ya mpira kwa vijana wa nyumbani. Mwaka huu kampuni moja ya kubeti ilijitokeza kutaka kudhamini, nasi tumekataa. Jina la kampuni nimelitoa, kwa sababu hawakutukosea chochote. Walikuja kwa adabu, wakaleta mkataba unaosomeka, wakasubiri jibu. Naichapisha barua hapa kwa sababu jumuiya nyingi za wanafunzi, za Waislamu na za Wakristo, zinapelekewa mikataba ya namna hii kila mwaka, na mara nyingi mjadala unaishia kwenye "hela ni hela" upande mmoja na "haramu ni haramu" upande wa pili. Naona pande zote mbili zinaruka ukurasa wa mkataba wenyewe.

Kwa Meneja Masoko,

YAH: KUREJESHA KWA HESHIMA OFA YENU YA UDHAMINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Meneja, kwanza tunakusalimu na kukushukuru. Kisaki si sehemu ambayo wadhamini wanapigana vikumbo kufika. Kutoka Morogoro mjini unapita Mvuha, na mvua ikiamua kunyesha barabara inakuwa na maoni yake. Wengine wanatujua kwa kupitia dirisha la treni ya TAZARA tu. Kwa hiyo afisa wenu alipokuja na kukaa na kamati saa mbili nzima, hilo tumelithamini, na hatulisemi kwa kukuremba.

Ofa yenu ilikuwa shilingi 6,500,000. Kwa bajeti yetu hiyo ni hela nyingi. Ingetosha jezi za timu 16, mipira, waamuzi, usafiri wa timu za vijiji vya mbali na mashindano ya netiboli ya wasichana. Pamoja na hayo, baada ya kamati kukaa mara mbili, tumeamua kuirejesha ofa. Mtu akikataliwa anastahili kuambiwa kwa nini, tena kwa maneno yanayoeleweka. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Tuanze na jambo ambalo tungependa lisieleweke vibaya. Hatusemi kwamba shilingi yenu ni najisi na shilingi ya mwingine ni safi. Waislamu tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alifanya biashara na watu wasio wa dini yake, na ni habari mashuhuri kwamba alifariki deraya yake ikiwa imewekwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya chakula. Hakuuliza kila dirhamu ilipita mikononi mwa nani. Hata sisi wanachuo bumu tunalopokea linatoka kwenye mfuko wa serikali, na mfuko huo una kodi ya bia na kodi ya kubeti ndani yake. Mjumbe mmoja wa kamati alituuliza swali hilo hilo: "Sasa mbona bumu mnakula?" Lilikuwa swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha barua hii.

Serikali ikinipa mkopo wa kusomea ualimu haiombi nivae nembo ya kiwanda cha bia nikiingia darasani. Mkataba wenu unaomba kitu. Zawadi ina upande mmoja, udhamini una pande mbili: ninyi mnatoa hela, sisi tunatoa kitu kinacholingana nayo. Kilichotusumbua ni kile ambacho sisi tungetoa.

Tulisoma mkataba kipengele kwa kipengele. Cha kwanza kinataka nembo yenu iwe kifuani kwenye jezi zote, zikiwemo za watoto wanaocheza mechi za utangulizi. Cha pili kinataka mashindano yabebe jina la kampuni. Cha tatu kinataka mtangazaji alitaje jina hilo kila baada ya dakika 15. Hivyo vitatu kila mtu anavitarajia, kwa sababu ndivyo udhamini ulivyo popote. Vilivyotufanya tusimame ni viwili vilivyofuata.

Kipengele cha nne kinasema tutawapa meza ya usajili kando ya uwanja, na kwamba shilingi 4,000,000 zitalipwa mwanzoni, halafu 2,500,000 zilizobaki zitalipwa baada ya watu 400 kufungua akaunti kwa namba maalumu ya mashindano yetu. Hapa kazi yetu imeshabadilika. Hatuko tena waandaaji wa mpira wanaosaidiwa. Tumekuwa mawakala wanaolipwa kwa idadi ya wateja wanaowaleta, na wateja wenyewe ni wadogo zetu, binamu zetu, na vijana tuliosoma nao shule ya msingi.

Kipengele cha tano kinasema kwamba katika kipindi cha mashindano hakutatolewa uwanjani ujumbe wowote unaoweza kuharibu sura ya mdhamini. Kibiashara tunakielewa, kwani hakuna anayelipa ili asemwe vibaya. Lakini fainali yetu hufunguliwa kwa dua, na kabla ya dua shehe husema maneno mawili matatu na vijana. Mzee wa kanisa naye hupewa nafasi. Kwa kipengele hiki, viongozi wote wawili wangekuwa huru kuzungumzia bangi, ulevi na mimba za utotoni, ila siyo kamari. Yaani tungewauzia ninyi ukimya wa wazee wetu, na wazee wenyewe hawajaulizwa.

Ndugu Meneja, katika dini yetu jambo hili halina utata mwingi. Suratul Maida, aya ya 90, inaiweka kamari fungu moja na pombe na kutaka tujitenge nayo. Aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inatutaka tusaidiane katika wema na tusisaidiane katika dhambi. Kuna pia hadithi ijulikanayo kuhusu pombe, ambayo haiishii kwa mnywaji. Inawahesabu watu kumi, akiwemo anayekamua, anayebeba, anayebebewa na anayeuza. Wanazuoni wanaitumia kufundisha kwamba jambo likiwa haramu, mnyororo unaolifikisha kwa mtu nao una hesabu yake. Mtoto aliyevaa nembo kifuani habeti, hilo kweli. Ila anabeba.

Vilevile Kurani haidai kwamba kamari haina faida hata chembe. Suratul Baqara, aya ya 219, inakiri kwamba pombe na kamari zina manufaa kwa watu, kisha inasema madhara yake ni makubwa zaidi. Kwa hiyo hatuna haja ya kuwaambia ninyi hamna jema lolote. Jezi ni jema, mpira ni jema. Aya inatutaka tupime, nasi tulipima.

Tulipima kwa hesabu, maana wawili kati yetu tunasomea kufundisha hisabati. Chukua mechi moja ambayo matokeo yake ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Odi ya haki hapo ingekuwa 2.00: ukiweka buku unarudishiwa buku mbili. Kampuni haitoi 2.00, inatoa mathalani 1.90. Watu 1,000 wakiweka buku moja moja, kampuni inakusanya 1,000,000. Nusu yao wanashinda na kulipwa 1,900 kila mmoja, jumla 950,000. Kampuni imebaki na 50,000. Kwa kila buku, shilingi 50. Si nyingi, na mtu anaweza kusema hiyo ni ada ya burudani.

Lakini vijana wetu hawabeti mechi moja. Wanasuka mkeka. Mkeka wa mechi kumi za namna hiyo unashinda mara moja katika kila mara 1,024. Odi za 1.90 zikizidishwa mara kumi zinafika 613. Kwa hiyo wakiweka watu 1,024 buku moja moja, kila mmoja na utabiri wake tofauti, inakusanywa 1,024,000, na mshindi ni mmoja, anayepata kama 613,000. Picha yake itabandikwa kila mahali. Kampuni inabaki na takriban 411,000. Sasa kwa kila buku haibaki shilingi 50, inabaki shilingi 401. Ule upungufu mdogo wa 2.00 kuwa 1.90 umejizidisha mara kumi ndani ya mkeka, na kijana hauoni, kwa sababu anachokitazama ni ile 613,000.

Tuirudishe hesabu hii Kisaki. Mnataka watu 400 wajisajili. Tuseme ni 100 tu kati yao watakaoendelea, kila mmoja akiweka buku moja kwa siku kwenye mkeka wa namna hiyo. Kinachobaki kwa kampuni ni kama shilingi 40,000 kwa siku. Shilingi 6,500,000 zenu zitakuwa zimerudi katika siku 163, yaani miezi mitano na wiki mbili. Baada ya hapo jezi zimelipwa na Kisaki yenyewe, na akaunti bado ziko kwenye simu. Hizi ni namba za kukadiria, ninyi mna namba za kweli. Lakini tunaamini hata zenu zinaelekea huko huko, kwani zisingeelekea huko msingetoa ofa.

Na kuna suala la muda. Mkataba wenu unataka mashindano yaanze Julai. Julai kwetu ni wakati hela ya ufuta inapoingia mikononi. Kijana ambaye miezi mingine hana hata jero, mwezi huo ana laki tatu mfukoni. Hela hiyo ndiyo bati, ndiyo sare ya shule ya mdogo wake, ndiyo mbegu ya msimu ujao. Kwa Waluguru na Wakutu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya maisha ya mpwa wake. Basi sisi kwenye kamati, kwa nusu ya vijana wale, ndio wajomba. Mjomba hawezi kuweka meza ya kubeti mlangoni siku mpwa wake analipwa.

Najua mtatuuliza: mbona timu kubwa zinavaa? Mei 2017 Simba na Yanga ziliingia mkataba wa miaka mitano na SportPesa, na mwaka 2022 Simba ikahamia M-Bet. Kabla ya hapo vifua vya timu zote mbili vilikuwa na jina la bia ya Kilimanjaro. Wachezaji Waislamu wamekuwa humo muda wote, na mashabiki Waislamu tumeshangilia. Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam na Rooney wao kwa njia hiyo hiyo ya udhamini, na hakuna aliyezuia macho yake.

Hatumhukumu mchezaji wa Simba wala wa Yanga. Yeye ni mwajiriwa, hakuusaini yeye mkataba ule. Na wapo waliojaribu. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, akiwa Sevilla ya Hispania, alikataa kutangaza kampuni ya kamari ya 888.com, na akaonekana uwanjani jina lile likiwa limefunikwa kifuani. Mwaka 2013 Papiss Cissé wa Newcastle alikataa jezi yenye jina la Wonga, kampuni ya mikopo ya riba, lakini mwishowe akakubali kuivaa. Hao walikuwa wachezaji wakubwa, wenye mawakala na wanasheria, na bado haikuwa rahisi. Mtoto wa miaka 14 wa Kisaki anayepewa jezi mpya kwa mara ya kwanza maishani hawezi kuomba tepu ya kufunika nembo. Anayeweza kumkatalia ni yule aliyeshika kalamu ya kusaini, na safari hii kalamu iko mikononi mwetu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kamati na mchezaji.

Tena kwa habari ya watoto, hata dini tukiiweka pembeni sheria ipo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. England, ambako mpira na kubeti wamelala kitanda kimoja kwa miaka mingi, jezi za mashabiki watoto hazibebi nembo za kamari, na Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana kuziondoa nembo hizo kifuani mwa jezi za mechi kuanzia mwisho wa msimu wa 2025/26. Tukisaini kipengele cha kwanza, watoto wa mechi za utangulizi pale kwetu watakuwa wamevaa kitu ambacho mtoto wa England hauziwi.

Afisa wenu alitushauri njia ya katikati: nembo iwe ndogo, iwekwe mgongoni. Tuliifikiria kwa dhati, kwa sababu njia za katikati zipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ligi Kuu ya Zanzibar ilidhaminiwa na Grand Malt, kinywaji kisicho na kilevi kinachotengenezwa na kampuni inayotengeneza bia. Kuna walioridhika na wengine walioguna, lakini angalau kilichotangazwa uwanjani ni kitu ambacho Mwislamu anaweza kukinywa. Kampuni ya bia inaweza kuwa na bidhaa ya pili. Ninyi hamna. Jina lenu ndilo bidhaa yenyewe. Likiwa kubwa au dogo, mbele au mgongoni, linampeleka mtu mahali pamoja.

Wapo pia waliotuambia tuombe hela bila nembo, kimyakimya. Hilo nalo tumeliacha, kwa sababu mbili. Ya kwanza, si haki kwenu. Ninyi ni biashara, na kuwaomba mtoe bila kupata ni kuwafanya wajinga kwa jina la dini. Ya pili, Kisaki hakuna kimyakimya. Siku ya tatu kila kijiwe kingejua jezi zimetoka wapi, na tungekuwa tumewatangaza bila hata kuandika.

Tusiwafiche pia kwamba ndani ya kamati hatukuwa sauti moja. Kijana mmoja mchezaji, mwenye kipaji kweli kweli, alitutazama akasema: "Mnatunyima jezi kwa ajili ya dini yenu." Neno hilo liliuma, na linastahili jibu. Kamati ina Waislamu na Wakristo, na Msabato mmoja ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi wote. Kama ingekuwa imani yetu binafsi tu, tungesema kila mtu na lake: asiyetaka kubeti asibeti. Lakini mkataba haukuomba kila mtu aamue lake. Uliomba sisi tuamue kwa niaba ya watoto, ya wazee na ya uwanja mzima. Anayetaka kufungua akaunti akiwa na miaka 18 bado anaweza kufungua leo, simu iko mkononi mwake. Tulichokataa ni kumshika mkono na kumpeleka mezani.

Tuliangalia na jirani. Kenya, Julai 2019, serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubeti kwa mgogoro wa kodi. Agosti SportPesa ikatangaza kusitisha udhamini wake wa michezo nchini humo. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye historia kuliko umri wa wazazi wetu, zikabaki bila mdhamini mkuu, na mishahara ya wachezaji ikawa shida. Hatusemi ninyi mtafanya hivyo. Tunasema mashindano yaliyolelewa na mfuko mmoja mkubwa hujisahau kujitegemea, na mfuko ukifungwa hata ile njia ya zamani inakuwa imeota majani.

Njia yetu ya zamani ni hii. Timu zitakuwa 8 badala ya 16, makundi mawili, mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili na fainali. Hatununui jezi. Tunanunua seti mbili za vizibao vya mazoezi, 15 kila seti, kwa shilingi 150,000, na kila timu itavivua ikimaliza kucheza. Mipira sita ni 240,000. Waamuzi watatu kwa mechi 15, kila mmoja 10,000 kwa mechi, ni 450,000. Huduma ya kwanza ni 100,000, chokaa ya kuchorea uwanja 60,000. Zawadi ni mbuzi wawili, mmoja wa mpira na mmoja wa netiboli, 240,000. Jumla ni 1,240,000. Kila timu italipa kiingilio cha 60,000, tunapata 480,000. Zinazobaki, 760,000, tunachanga wanachuo 38, elfu ishirini kila mmoja.

Hesabu inakaa, ila haikai bure. Timu nane zitabaki nyumbani mwaka huu, na nyingi ni za vijiji vya mbali ambavyo usafiri wake tulitegemea hela yenu. Hatutawaambia vijana hao kwamba Mungu ataleta nyingine kubwa zaidi wiki ijayo, kwa sababu hatujui. Tutawaambia ukweli: tulipewa ofa, bei yake ilikuwa ninyi, tukaona hatuna mamlaka ya kuwauza. Mwakani zamu ya kwanza ni yao, na timu zilizocheza mwaka huu zitapisha.

Ndugu Meneja, tunaomba jambo moja tu. Afisa wenu akija tena Kisaki, asije kama mtu aliyefukuzwa. Fainali ni bure kwa kila mtu, na kiti cha mgeni tutampa. Aje bila meza, atazame mpira, ale nyama ya mbuzi kama timu itakayoshinda itamkaribisha. Kwa kawaida yetu, wanakaribisha.

Pamoja na barua hii tumerudisha nakala mbili za mkataba ambazo hazijasainiwa, na zile fulana tano za mfano tulizoachiwa. Zote ziko kwenye mfuko wake, hazijavaliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Mashindano ya Wanachuo wa Kisaki